Sehemu C ilikuwa tupu, kaveti ilikaa Sehemu B

Wanunuzi wengi wa ardhi wakipewa karatasi ya sachi, yaani majibu ya masjala kuhusu daftari la shamba, hukimbilia chini kabisa, Sehemu C, kule kunakoandikwa rehani. Wakikuta hamna kitu, basi shamba limeshakuwa safi na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na sachi za masjala za ardhi za pwani ni kazi yangu ya kila wiki. Hata hivyo, iliyonifunza zaidi namna ya kuzisoma ni ya shamba ambalo kaka yangu alitaka kulinunua Kilifi mwaka 2022, kwa sababu safari hii pesa zilikuwa za nyumbani.

Kaka yuko Doha. Dalali alimrushia kwa WhatsApp picha ya hati, picha ya kitambulisho cha muuzaji na picha ya sachi, akamwambia mambo yote yako sawa, kilichobaki ni kutuma malipo ya kwanza. Kaka akanitumia mimi na swali moja tu: "Dada, nitume?"

Nikaanza na tarehe. Sachi ile ilikuwa ya mwaka 2020, na sisi tuko katikati ya 2022. Karatasi ya sachi haina muda wa kuisha kama leseni ya gari, lakini husema tu kilichokuwa kwenye daftari siku ile Msajili alipoitia sahihi. Asubuhi ya pili yake benki inaweza kuandikisha rehani, mtu akaweka kaveti ya kuzuia uuzaji, au mahakama ikaleta amri, na karatasi yako isijue lolote. Kwa hiyo sachi anayokupa muuzaji ina faida moja: inakupa namba ya shamba ili uende ukafanye yako. Nilijaza fomu, nikaambatisha nakala ya hati na kitambulisho, nikalipa, nikasubiri. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, lakini daftari la shamba hili lilikuwa bado kwenye karatasi.

Ilipotoka, Sehemu C ilikuwa tupu vilevile. Sehemu A ilisema umiliki ni kamili, si wa kukodi, na ukubwa ni takriban hekta 0.82, yaani kama ekari mbili. Mabadiliko yalikuwa Sehemu B. Sehemu hiyo ina jina la mwenye ardhi, na chini ya jina kuna mstari wa amri za kuzuia, kaveti na masharti. Mstari huo kwenye karatasi ya dalali ulikuwa mtupu. Kwenye yangu palikuwa na kaveti ya mwaka 2021, na jina la mwanamke mwenye ubini sawa na wa muuzaji, akidai maslahi ya mrithi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Rehani, ukodishaji na haki ya njia ni mizigo iliyo juu ya ardhi yenyewe, ndiyo maana inakaa Sehemu C. Kaveti haiandikwi huko kwa sababu inazuia mkono wa mwenye ardhi usiuze, usigawe, usiweke rehani. Inakaa B, karibu na jina lake. Anayesoma C peke yake anaweza kununua ardhi iliyofungwa akidhani iko wazi.

Na ndani ya mstari huo mna vitu vitatu ambavyo watu huviita kaveti vyote, ilhali kila kimoja hufunguliwa kwa ufunguo wake. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kaveti ya kawaida huwekwa na mtu anayedai ana haki juu ya ardhi: ameinunua na hajahamishiwa, ni mrithi, amekopesha pesa kwa ahadi ya ardhi. Amri ya kuzuia hutoka mahakamani, na hukaa mpaka muda ulioandikwa upite, jambo lililotajwa litokee, au amri nyingine itolewe. Ukiikuta hiyo usijadiliane na muuzaji, nenda kaombe faili la kesi. Ya tatu ni sharti ambalo Msajili mwenyewe huliweka akiona kuna hatari ya udanganyifu au kwa sababu nyingine ya haki, kwa mfano kwamba ardhi isiuzwe mpaka fulani akubali. Sachi yangu ilitaja kaveti, aina ya kwanza. Kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu, si faili.

Nilimpigia muuzaji. Akacheka. "Ah, huyo ni dada yangu mkubwa, ana wivu tu. Tutamwondoa kwa Msajili, ni barua moja."

Kweli barua ipo. Mwenye ardhi anaweza kumwomba Msajili ampe aliyeweka kaveti notisi kwamba itaondolewa muda fulani ukipita. Asipojibu, Msajili anaweza kuiondoa. Akipinga, lazima wote wasikilizwe kabla ya uamuzi. Aliyeiweka anaweza pia kuiondoa mwenyewe kwa hiari, au mahakama ikaamuru. Kuwepo kwa kaveti hakuthibitishi kuwa aliyeiweka anasema kweli, na sheria inamruhusu aliyeumizwa na kaveti isiyo na msingi adai fidia. Lakini mpaka iondolewe, Msajili hatasajili uhamisho unaogongana nayo bila idhini ya aliyeiweka au amri ya mahakama. Nikamwuliza muuzaji swali ambalo naliuliza kila mara: dada yako anadai nini hasa, na anadai kupitia karatasi ipi? Akasema hajui, yeye mwenye hati.

Basi nikarudi kwenye jina lake, nikalisoma mpaka mwisho wa mstari. Liliandikwa jina, likafuatwa na maneno: kama msimamizi wa mali ya marehemu, na jina la baba yao. Maneno hayo yalikuwepo hata kwenye sachi ya 2020. Dalali aliishia kwenye jina. Nisingekuta kaveti kabisa, maneno hayo pekee yangetosha kunizuia kutuma pesa.

Msimamizi wa mirathi huandikishwa kwenye daftari ili ashike ardhi kwa niaba ya warithi mpaka igawanywe. Hati anayopewa ni halali, ina muhuri na ina jina lake, na anaweza kukuonyesha bila kusema uongo hata neno moja. Ila ardhi hiyo si yake kuuza apendavyo. Kwa Sheria ya Mirathi ya Kenya, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla usimamizi haujathibitishwa na mahakama, na ukithibitishwa hutolewa cheti chenye jedwali la nani anapata nini. Hilo jedwali ndilo linalosema muuzaji wako ana nini cha kukuuzia. Halimo kwenye sachi, wala kwenye hati.

Kabla ya kwenda mahakamani niliomba nakala ya kadi ya kijani iliyothibitishwa, yaani daftari lenyewe la shamba hilo tangu lilipofunguliwa. Sachi hukwambia daftari linavyosimama leo. Kadi hukuonyesha lilivyofika hapo, kila ingizo na namba yake, tarehe na sahihi ya Msajili. Naiomba kila mara mlolongo wa wamiliki unapokuwa mrefu au unapoonekana mfupi kupita kiasi.

Shamba lilitoka kwenye mradi wa makazi. Ingizo la kwanza Sehemu B lilikuwa la wadhamini wa mfuko wa makazi wa serikali, la pili baba, mwaka 1988, kisha hati yake. Mwaka 2016 akaingia mwana kama msimamizi, akapewa hati, na mwaka 2021 ikaingia kaveti ya dada. Kwenye Sehemu C, ambayo sachi iliiita tupu, kulikuwa na historia: rehani ya mfuko huo wa makazi, 1988, kwa sababu waliopewa mashamba walilipa kwa mkopo, na chini yake ingizo la kuifuta, 2015.

Ingizo hilo la kufuta ndilo lenye uzito. Nimewahi kuona mashamba ya makazi ambayo wenyewe walimaliza deni zamani, wana risiti na barua ya kumaliza kulipa, lakini hawakuwahi kupeleka hati ya kufuta rehani masjala. Kwa daftari, deni bado lipo na sachi italitaja. Mambo ni hayohayo kwa benki: barua yao ya "mteja hadaiwi" haiondoi rehani, inayoondoa ni hati ya kufuta iliyosajiliwa. Ukikuta rehani kwenye C na muuzaji anakupungia barua, ardhi bado imefungwa.

Jambo la pili nililolitazama kwenye kadi ni kama tarehe zinakubaliana na maisha ya watu. Cheti cha kifo cha baba kilisema 2012. Hakukuwa na uhamisho wowote unaodaiwa kusainiwa naye baada ya hapo. Katika faili jingine kazini niliwahi kukuta marehemu "amesaini" uhamisho karibu mwaka mzima baada ya kuzikwa. Karatasi ya sachi ya shamba hilo haikuwa na doa. Kadi bila cheti cha kifo isingesema chochote, na cheti bila kadi vilevile.

Tangu Aprili 2023 hoja ya kufuatilia mlolongo imepata nguvu zaidi. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali ambacho asili yake ilikuwa mgao wa mwaka 1989. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua kwa aliyekuwa na hati. Mahakama ikasema kwamba kama mgao wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyozaliwa nao haimkingi mnunuzi wa baadaye, hata akijiita mnunuzi mwenye nia njema. Kwa shamba letu, mwanzo wake ulikuwa wa mradi wa makazi wenye deni lililolipwa, kwa hiyo hapo nilipumua.

Mahakamani nikapata cheti cha kuthibitisha usimamizi, cha 2015. Jedwali lilikuwa fupi: shamba ligawanywe sawa kwa watoto watatu. Muuzaji, dada yake mkubwa, na mdogo wao wa kiume aliyeko Malindi. Hatua iliyofanyika mwaka 2016 ilikuwa nusu tu ya kazi: msimamizi aliandikishwa, lakini hatua ya pili, ya kutoa ardhi kwake na kuipeleka kwa warithi watatu kama jedwali lilivyoagiza, haikufanyika. Ekari mbili zilizokuwa zikiuzwa, yeye alikuwa na theluthi moja.

Nilikwenda shambani. Watu husema wamekwenda kuona mipaka. Mimi naenda kuona waliomo, kwa sababu kuna haki zinazoibana ardhi bila kuandikwa kwenye daftari, na sheria ya 2012 inazitaja katika kifungu cha 28. Haki za njia, amana za kimila, haki ya mtu aliyekaa miaka 12 bila ruhusa ya mwenye ardhi na bila kutolewa, ada za ardhi zisizolipwa. Huku kwetu pwani ongeza minazi ya mtu mmoja kwenye shamba la mwingine, na makaburi. Kuhusu amana za kimila, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia, kwamba mdai hahitaji hata kuwa ndiye anayekalia ardhi, mradi aonyeshe ni ardhi ya ukoo na mwenye hati alishikishwa tu kwa niaba ya wengine.

Upande wa mashariki kulikuwa na nyumba ya makuti, jiko la nje, na mikorosho iliyopaliliwa. Mama mmoja akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiwe wa wanunuzi?"

Alikuwa ndiye dada wa kwenye kaveti. Hakuwa na wivu. Aliona watu wakipita na utepe wa kupimia, akamwuliza ndugu yake, hakujibiwa. Mzee wa mtaa akamwelekeza masjala. Aliapa kiapo chake, akaambatisha nakala ya jedwali la mahakama, akaweka kaveti. Akanionyesha kaburi la baba yao nyuma ya mikorosho. "Mimi sikatai ndugu yangu auze," akasema, "auze chake."

Maneno hayo yalimaliza mjadala mzima. Nikamwambia kaka asitume pesa, na nikamwambia muuzaji kwamba tuko tayari kununua theluthi yake baada ya kutengwa na kuwa na hati yake. Ilibidi wakili wetu amweleze, maana mwanzoni alidhani nimemgeukia. Wakili akashauri pia wasihangaike na notisi ya Msajili: dada angepinga, wangesikilizwa, na jedwali lingeshinda.

Wakamleta mpima ardhi mwenye leseni, na hapo tofauti nyingine ikajitokeza. Daftari lilisema hekta 0.82. Kwa kufuata ua na alama za zamani, yeye alipata 0.79. Mnunuzi mgeni angedhani ameibiwa, lakini mashamba mengi ya aina hii yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla: ramani ya masjala huonyesha mahali shamba lilipo na umbo lake kwa kukadiria, na ndiyo maana kwenye Sehemu A kuna neno takriban. Pengo la hekta 0.03 kwenye shamba la ekari mbili halikunishtua. Ambalo lingenishtua ni ramani na ardhi kutofautiana umbo, au jirani kudai kipande, au namba ya shamba kutokuwepo kabisa kwenye ramani. Majirani waliitwa, wakasimama mipakani, hakuna aliyebisha.

Halafu wakatenga njia ya kuingilia, upana wa mita 6 kwa urefu wa takriban mita 100, hekta 0.06 zikaenda. Ikabaki 0.73 ya kugawa kwa watatu, kila mmoja kidogo zaidi ya 0.24. Kaka alikuwa akipiga hesabu ya 0.27, yaani theluthi ya 0.82. Tofauti hiyo ni kama sehemu ya kumi ya kiwanja. Tulikuwa tumeandika kwenye mkataba kwamba bei ni kwa ekari na ukubwa ni ule utakaotoka kwenye hati mpya, kwa hiyo alilipia 0.24, si ndoto ya kwenye picha.

Dada akaenda masjala mwenyewe kuiondoa kaveti yake, siku ileile fomu za mgawanyo na za kuhamishia warithi zilipopelekwa. Tulipanga hivyo kwa makusudi. Angeiondoa mapema, angebaki bila kinga. Ramani ikarekebishwa, shamba mama likafungwa, zikazaliwa namba tatu mpya. Nilifanya sachi mbili: ya namba mpya ya muuzaji, na ya namba ya zamani. Ya pili watu huisahau. Shamba mama likibaki wazi kwenye daftari huku watoto wake wana hati, ardhi moja ina hati mbili, na mwenye roho mbaya anaweza kuiuza ile ya zamani. Ya kwetu ilionyesha kwamba daftari limefungwa kwa sababu ya mgawanyo.

Sasa Sehemu B ya namba mpya ilikuwa na jina la muuzaji peke yake, bila neno msimamizi. Kwenye hati yalikuwa majina mawili na kwenye kitambulisho matatu. Namba ya kitambulisho iliyokuwa kwenye daftari ililingana, naye akaapa kiapo kwamba wote ni mtu mmoja. Mkewe alisaini idhini ya mwenzi. Kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, maombi yakapelekwa bodi ya kudhibiti ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba, kwa maana bila idhini ya bodi mkataba hauna nguvu na unachoweza kudai ni pesa zako tu.

Kaka alipotuma malipo ya kwanza, tuliweka kaveti yetu sisi, tukidai maslahi ya mnunuzi. Kati ya malipo ya kwanza na uhamisho kuna wiki kadhaa ambazo jina kwenye daftari bado ni la muuzaji, na sachi yako nzuri ya jana haizuii benki wala mnunuzi mwingine wa leo. Kaveti inazuia. Asubuhi ya siku ya kulipa salio nikafanya sachi nyingine. Sehemu C tupu. Sehemu B kaveti moja, na aliyeiweka ni kaka. Chini kabisa, kwenye mstari unaotaja maombi yanayosubiri kusajiliwa, hamkuwa na kitu. Mstari huo nausoma kwa macho mawili, kwa kuwa hati iliyokwisha kupokelewa kaunta lakini bado haijaingizwa kwenye kadi, dalili yake pekee ni hapo.

Hati ilipotoka kwa jina la kaka, kulibaki karatasi moja. Kaveti yetu ilikuwa ingali kwenye daftari, sasa ikimzuia kaka juu ya ardhi yake mwenyewe. Uhamisho haukuifuta, kwa kuwa haukugongana nayo. Nikampelekea fomu ya kuiondoa aisaini mbele ya wakili alipokuja likizo, nikaiwasilisha, nikasubiri wiki moja, nikafanya sachi ya mwisho kuhakikisha mstari ule umekuwa mtupu.